Siku 183 za mkaazi wa kodi: namna siku ya kuingia na siku ya kutoka nchini zinavyoamua hesabu

Katika migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, na katika mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu, wapo wataalamu wa kigeni ambao hawaishi nchini mwaka mzima. Hufanya kazi kwa zamu: wiki kadhaa mgodini, wiki kadhaa kwao, kisha hurejea. Wapo pia Watanzania wenye nyumba Kahama, Geita au Shinyanga mjini ambao kazi zao ziko katika migodi ya nchi nyingine, na huja nyumbani kwa likizo. Makundi haya mawili hukutana katika swali moja la kisheria: je, kwa mwaka husika, mtu huyu ni mkaazi wa Tanzania kwa madhumuni ya kodi ya mapato?

Jibu la swali hilo huamua kiwango cha kodi kinachokatwa katika mshahara, na huamua pia iwapo Tanzania inatoza kodi mapato yaliyopatikana hapa nchini pekee au yale yaliyopatikana popote duniani. Kwa mfanyakazi wa zamu, jibu hilo linaweza kubadilika kutokana na jambo ambalo wengi hulipuuza, yaani kama siku aliyotua nchini na siku aliyoondoka zinaingia katika hesabu au la.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 66, inaweka njia nne ambazo mtu binafsi anaweza kuwa mkaazi katika mwaka wa mapato. Kwa mtu binafsi, mwaka wa mapato ni mwaka wa kalenda, unaoanza tarehe 1 Januari na kuishia tarehe 31 Desemba.

Njia ya kwanza ni kuwa na makazi ya kudumu katika Jamhuri ya Muungano na kuwepo nchini katika sehemu yoyote ya mwaka huo. Njia ya pili ni kuwepo nchini kwa kipindi au vipindi ambavyo jumla yake ni siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Njia ya tatu ni kuwepo nchini katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Njia ya nne inawahusu watumishi na maofisa wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano waliopangiwa kazi nje ya nchi.

Mtu akitimiza njia moja tu kati ya hizo, anakuwa mkaazi. Hahitaji kutimiza zote, na kushindwa kutimiza moja hakumwondoi iwapo nyingine inamhusu.

Ikumbukwe kwamba ukaazi wa kodi si uraia, wala si kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Mgeni anaweza kuwa na kibali halali cha ukaazi cha miaka miwili na bado asiwe mkaazi wa kodi, kwa sababu hakufikisha siku zinazotakiwa. Vilevile, raia wa Tanzania anayeishi na kufanya kazi nje, asiye na makazi ya kudumu hapa, anaweza kutokuwa mkaazi wa kodi ijapokuwa pasipoti yake ni ya Tanzania.

Siku moja ni nini

Njia ya pili na ya tatu zinategemea hesabu ya siku. Kifungu kinatumia neno la kuwepo nchini, na kinajumlisha siku. Hakitaji idadi ya saa, wala hakiweki sharti la kulala usiku. Mtu aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere saa mbili usiku alikuwepo nchini katika tarehe hiyo, ingawa kwa saa chache. Aliyeondoka kwa ndege ya saa moja asubuhi naye alikuwepo nchini katika tarehe aliyoondoka.

Nchi mbalimbali zimelitatua suala hili kwa namna tofauti. Uingereza, kwa kawaida, huhesabu siku ambayo mtu alikuwepo nchini humo ilipofika saa sita usiku; kwa hiyo siku ya kuondoka huachwa. Afrika Kusini, kwa upande wake, imeandika katika sheria yake kwamba sehemu ya siku ni siku. Marekani nayo huhesabu sehemu yoyote ya siku. Mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambao hutumika sana katika kufasiri mikataba ya kodi baina ya nchi, unafuata mkondo huohuo: huhesabu siku za kuwepo kimwili, na hujumuisha siku ya kuwasili, siku ya kuondoka, Jumamosi na Jumapili, sikukuu, mapumziko mafupi na siku za ugonjwa zilizotumiwa ndani ya nchi.

Kwa kuwa kifungu cha 66 kinapima kuwepo, wala si kulala, hesabu iliyo salama kwa mwajiri na mfanyakazi ni ile inayojumuisha siku zote mbili. Anayeacha siku ya kuingia, siku ya kutoka au zote mbili anaongeza katika kifungu sharti ambalo halimo.

Katika hesabu hiyo, kipimo ni tarehe ya kalenda. Tarehe moja huhesabiwa mara moja tu, hata kama mtu alitoka na kuingia mara kadhaa ndani yake. Mtu anayeondoka Ijumaa jioni kupitia mpaka wa Rusumo kwenda Kigali na kurejea Jumapili mchana amekosekana nchini kwa siku moja tu, yaani Jumamosi. Ijumaa alikuwepo kabla ya kuvuka, na Jumapili alikuwepo baada ya kurudi. Akiondoka Ijumaa na kurejea Jumamosi, hesabu yake haipungui hata siku moja.

Safari ya kwenda Zanzibar pia haipunguzi siku. Sheria inazungumzia Jamhuri ya Muungano, na Zanzibar ni sehemu yake. Mtaalamu anayetumia wiki moja ya mapumziko Nungwi anaendelea kuhesabiwa kuwa yupo nchini.

Siku inayoachwa katika mwongozo uliotajwa ni ile ya mpito, yaani ya abiria anayepita nchini akiwa safarini kutoka nchi moja ya nje kwenda nyingine. Mfano ni anayetoka Lusaka kwenda Dubai na kubadilisha ndege Dar es Salaam. Mfanyakazi anayetua Dar es Salaam ili kuunganisha ndege ya Mwanza hayumo katika kundi hilo, kwa sababu mwisho wa safari yake ni ndani ya nchi.

Mfano wa zamu ya wiki nne kwa wiki nne

Zamu ya siku 28 kazini na siku 28 nje ndiyo inayoonyesha vizuri uzito wa siku hizi, kwa sababu inaugawa mwaka karibu katika nusu mbili sawa, na nusu ya mwaka ndiyo mpaka wenyewe wa siku 183.

Tuchukue mfano wa fundi mitambo kutoka Afrika Kusini aliyeajiriwa na kampuni iliyosajiliwa nchini inayotoa huduma katika mgodi mmoja wa ukanda huu. Aliingia Tanzania kwa mara ya kwanza Ijumaa tarehe 13 Desemba 2024 na kuondoka Ijumaa tarehe 10 Januari 2025. Baada ya hapo aliendelea hivyohivyo: wiki nne nje, wiki nne ndani, akisafiri kila mara siku ya Ijumaa. Katika mwaka 2025 aliingia tarehe 7 Februari, 4 Aprili, 30 Mei, 25 Julai, 19 Septemba na 14 Novemba. Aliondoka tarehe 7 Machi, 2 Mei, 27 Juni, 22 Agosti, 17 Oktoba na 12 Desemba. Safari iliyofuata ilikuwa tarehe 9 Januari 2026.

Kutoka Ijumaa moja hadi Ijumaa ya wiki ya nne kuna usiku 28, lakini kuna tarehe 29 za kalenda zikihesabiwa zote mbili za mwisho. Zamu sita kamili za mwaka 2025 zinatoa tarehe 29 mara 6, yaani siku 174. Ukiongeza siku 10 za mwanzo wa Januari, jumla ni siku 184. Fundi huyu amevuka siku 183, naye ni mkaazi wa kodi kwa mwaka 2025.

Sasa hesabu hiyohiyo ifanywe kwa kuacha siku za kuondoka. Kila zamu inabaki na siku 28, na Januari inabaki na siku 9. Jumla inakuwa siku 177. Zikiachwa siku za kuingia pia, kila zamu inabaki na siku 27 na jumla inashuka hadi 171. Safari hazikubadilika, mihuri ya pasipoti haikubadilika, lakini mtu huyohuyo anaonekana mkaazi katika hesabu moja na asiye mkaazi katika hesabu nyingine mbili.

Tofauti katika fedha

Tuchukulie kwamba mshahara wa fundi huyo unaotozwa kodi ni shilingi 15,000,000 kwa mwezi. Mfanyakazi asiye mkaazi anayelipwa na mwajiri mkaazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, ambayo kwake ni shilingi 2,250,000 kwa mwezi.

Mkaazi hukatwa kwa viwango vinavyopanda, kupitia utaratibu wa Lipa Kadri Upatavyo. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Viwango vinavyofuata ni asilimia 8, 20 na 25 kwa kila sehemu ya kipato, hadi kufikia shilingi 1,000,000, ambapo kodi inakuwa shilingi 128,000. Kiasi chochote kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Kwa fundi wetu, shilingi 14,000,000 zinazozidi zinatozwa shilingi 4,200,000. Ukijumlisha na 128,000, kodi yake kwa mwezi ni shilingi 4,328,000.

Tofauti ni shilingi 2,078,000 kwa mwezi, ambayo kwa miezi 12 ni shilingi 24,936,000. Kiasi hicho chote kimetokana na siku saba: siku sita za kuondoka mwishoni mwa zamu sita, na ile ya tarehe 10 Januari.

Hata hivyo, ukaazi hauongezi kodi kwa kila mtu. Dereva kutoka nchi jirani anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, akiwa asiye mkaazi, atakatwa asilimia 15 ya fedha zote, sawa na shilingi 120,000. Akiwa mkaazi atakatwa shilingi 78,000. Kwa viwango hivyo, mshahara ambao kodi ya mkaazi na ya asiye mkaazi hulingana ni takriban shilingi 1,146,000 kwa mwezi. Chini ya hapo ukaazi humpunguzia mfanyakazi kodi. Juu ya hapo humwongezea. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi wa kipato cha chini naye ana haki na maslahi ya kuhakikisha siku zake zimehesabiwa zote.

Makosa hutokea wapi

Chanzo kikubwa cha makosa ni kutumia ratiba ya zamu ya mgodi badala ya tarehe za kuvuka mpaka. Ratiba huonyesha siku ambazo mtu alitakiwa kuwa kazini. Haionyeshi siku aliyolala Dar es Salaam akisubiri ndege ya Mwanza, wala siku ya safari ya barabara kutoka Mwanza kwenda Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, wala siku alizokaa Mwanza baada ya zamu kwa sababu ya matibabu. Zote hizo ni siku za kuwepo nchini. Mtu anayeingia nchini Alhamisi jioni na kupita lango la mgodi Ijumaa mchana amekwisha kuwepo Tanzania kwa tarehe mbili, wakati ratiba inaonyesha moja.

Kwa mfanyakazi mwenye zamu sita kwa mwaka, siku moja ya ziada wakati wa kuingia na nyingine wakati wa kutoka hufanya siku 12. Ofisi ya mishahara iliyojiridhisha kwamba mtu ana siku 175 kwa mujibu wa ratiba inaweza kukuta siku 187 katika pasipoti yake. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: ikiwa idadi ya siku za mfanyakazi inagawanyika kikamilifu kwa urefu wa zamu yake, bila siku hata moja ya ziada, kuna uwezekano mkubwa kwamba hesabu imechukuliwa kwenye ratiba.

Kosa la pili ni kudhani kwamba siku 183 lazima zifuatane, au kwamba kuondoka nchini huanzisha hesabu upya. Sheria inajumlisha vipindi vyote vya mwaka. Kinachoanzisha hesabu upya ni tarehe 1 Januari. Kwa hiyo mtu aliyeingia tarehe 1 Septemba 2025 na kukaa mfululizo hadi tarehe 30 Aprili 2026 amekaa siku 242 bila kukatiza, lakini ana siku 122 katika mwaka 2025 na siku 120 katika mwaka 2026. Kwa njia ya pili peke yake, si mkaazi katika mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Mwaka mrefu wa siku 366 haubadilishi kipimo; nao unatumia siku 183.

Kosa la tatu ni kusahau njia ya wastani. Mshauri wa uhandisi anayekuja Shinyanga mara tano kila mwaka anaweza kuwa na siku 110 katika mwaka wa kwanza, 125 katika mwaka wa pili na 135 katika mwaka wa tatu. Hakukaribia siku 183 hata mara moja. Lakini jumla yake ni siku 370, na wastani wake ni siku 123 na ziada, ambao unazidi 122. Katika mwaka wa tatu yeye ni mkaazi. Hapa pia siku za safari ndizo zinazoamua: zikiachwa siku tano za kuondoka katika kila mwaka, jumla inashuka hadi 355 na wastani unakuwa siku 118. Kwa anayetumia njia hii, mpaka wa kukumbuka ni jumla ya siku 366 katika miaka mitatu. Ikizidi hapo, na ikiwa alikuwepo nchini katika kila mwaka kati ya hiyo mitatu, wastani umevukwa.

Mwenye nyumba Kahama anayefanya kazi nje

Kwa Watanzania wa ukanda huu, njia inayowagusa zaidi ni ile ya kwanza. Mchorongaji miamba mwenye nyumba na familia Kahama, anayefanya kazi katika migodi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuja nyumbani kwa siku kumi za mwisho wa mwaka, hahitaji kuhesabu siku 183. Ana makazi ya kudumu nchini na amekuwepo katika sehemu ya mwaka. Kwa njia hiyo ni mkaazi, hata kama alikaa siku chache tu.

Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Hilo halimaanishi kwamba lazima alipe mara mbili kwa fedha ileile. Sheria inampa mkaazi unafuu kwa kodi ya mapato aliyoilipa nje, lakini anatakiwa kuonyesha ushahidi wa malipo hayo. Kwa sababu hiyo, hati za mshahara na stakabadhi za kodi kutoka nchi anakofanyia kazi zinapaswa kuhifadhiwa sawa na pasipoti.

Kwa mgeni, swali la makazi ya kudumu linahitaji kuangaliwa kwa hali halisi. Kitanda katika kambi ya mgodi kinachotumiwa na mtu mwingine pindi mwenye zamu anapoondoka ni tofauti na nyumba aliyopanga Mwanza kwa mwaka mzima, ambamo vitu vyake vinabaki na ambayo inamsubiri kila anaporejea. Mwenye nyumba ya aina hiyo ya pili asitegemee hesabu ya siku pekee.

Sheria pia inatoa nafuu kwa mgeni ambaye ukaazi wake ni mpya. Mtu ambaye, kufikia mwisho wa mwaka wa mapato, amekuwa mkaazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu katika maisha yake yote, hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania pekee. Fundi wa mfano wetu, kwa mwaka 2025, angelipa kwa viwango vya mkaazi kwa kazi aliyoifanya nchini, lakini kodi ya pango la nyumba yake iliyoko Johannesburg isingeingizwa katika mapato yake ya hapa.

Mikataba baina ya nchi

Tanzania ina mikataba ya kuepuka utozaji kodi mara mbili na nchi kadhaa, zikiwemo Afrika Kusini, Kanada, India na Zambia. Mikataba ya aina hii husaidia pale ambapo nchi mbili zote zinamwona mtu mmoja kuwa mkaazi wake. Kwa kawaida hutazama kwanza ni wapi ana makazi ya kudumu, kisha ni wapi maisha yake ya kifamilia na kiuchumi yameegemea zaidi, halafu ni wapi anakaa kwa kawaida, na baadaye uraia wake.

Namba 183 huonekana pia katika mikataba hiyo, lakini kwa kazi nyingine: hutumika kuamua ni nchi gani itoze mshahara wa mtu aliyetumwa kwa muda mfupi, pamoja na masharti kuhusu nani anayemlipa. Fundi anayelipwa na kampuni ya Tanzania hawezi kutumia namba hiyo kukwepa kodi ya mshahara wa kazi aliyoifanya Geita.

Kuweka hesabu sahihi

Mwajiri hulazimika kukata kodi kila mwezi na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, wakati idadi kamili ya siku hujulikana mwishoni mwa mwaka. Ndiyo maana inafaa makadirio yafanywe mwanzoni mwa mwaka kwa kutumia tarehe za safari zilizopangwa, kisha yahakikiwe kila robo mwaka. Ikionekana mwezi Septemba kwamba mfanyakazi ataishia siku 184, nafasi ya kurekebisha makato bado ipo. Ikigunduliwa baada ya mwaka kwisha, deni la miezi 12 hudaiwa kwa pamoja, na huambatana na riba kwa ucheleweshaji.

Kumbukumbu inayohitajika ni jedwali dogo lenye safu nne: tarehe ya kuingia, mahali pa kuingia, tarehe ya kutoka, na idadi ya siku pamoja na zote mbili za mwisho. Tarehe zichukuliwe kwenye mihuri ya pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na zilinganishwe na tiketi za ndege au za basi. Pale ambapo muhuri umefifia au haukugongwa, tiketi na stakabadhi za hoteli ndizo zinazoziba pengo. Nakala za kurasa za pasipoti zitunzwe kabla pasipoti haijabadilishwa, kwa kuwa njia ya wastani inahitaji ushahidi wa miaka mitatu.

Ili kuhesabu siku za kipindi kimoja, toa tarehe ya kuingia katika tarehe ya kutoka, kisha ongeza moja. Kutoka tarehe 7 hadi 28 ya mwezi uleule, kwa mfano, tofauti ni 21 na siku za kuwepo ni 22. Moja hiyo inayoongezwa ndiyo siku ya kuingia au ya kutoka ambayo wengi huiacha, na huongezwa mara moja kwa kila safari.

Pale ambapo matokeo yanasimama karibu kabisa na siku 183 au wastani wa siku 122, kiasi kwamba siku za safari ndizo zinazoamua, sheria ya usimamizi wa kodi inaruhusu mlipakodi kumwomba Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania uamuzi wa maandishi kuhusu hali yake. Ombi hilo linapaswa kuambatana na jedwali la safari na nakala za mihuri. Kwa kuwa mtu binafsi mwenye wajibu wa kuwasilisha ritani ya mwaka hufanya hivyo ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha, suala la siku za mwaka 2025 linapaswa kuwa limepata jibu kabla ya tarehe 30 Juni 2026.